Naomba mnipitie pendekezo langu kwa bosi: skana ya bakodi kwa stoo ya vifaa vya ujenzi (gharama na hesabu ya makosa)

stookipa_moro

Wakuu, salaam. Natunza stoo ya mabomba, fitingi na vifaa vya umeme hapa Morogoro. Stoo inalisha maduka mawili ya bosi na pia inatoa mzigo moja kwa moja kwa mafundi na wakandarasi. Aina za bidhaa ni kama 1,400. Kompyuta ipo na programu ya stoku ipo, ila hati ya kutolea mzigo inaandikwa kwa mkono kwanza, halafu mwenzangu anachapa namba ya bidhaa yenye tarakimu sita. Hapo ndipo elbo ya robo tatu inapogeuka kuwa ya nusu inchi, na breka ya ampea 20 inaingia kama ya 32.

Bosi kasema nimwandikie karatasi moja: skana ni ya nini, itagharimu kiasi gani, itaokoa nini. Rasimu yangu ni hii:

Skana mbili zisizo na waya, 230,000 kila moja: 460,000
Printa ya stika: 320,000
Roli 10 za stika, 14,000 kila moja: 140,000
Jumla: 920,000

Upande wa faida, upungufu uliokutwa tulipohesabu stoo Aprili, Mei na Juni ni 7,860,000. Kwa mwaka ni 31,440,000. Skana inaondoa makosa ya kuchapa, kwa hiyo 920,000 inarudi ndani ya siku 11.

Nimekosa nini? Bosi ni mtu wa hesabu, hapendi maneno mengi.

Mama Leja

Kama ni mtu wa hesabu, ataishia kwenye hizo siku 11, na karatasi itabaki mezani kwake. Umechukua upungufu wote wa stoo ukamtwika aliyechapa namba. Je, mzigo uliopungua tangu kwa msambazaji? Taa zilizovunjika? Kilichotoka bila hati? Skana haivioni hivyo.

Tena umehesabu upungufu peke yake. Ziada iko wapi? Stoo yenye makosa ya kuchanganya bidhaa huwa na ziada nyingi karibu sawa na upungufu. Ukileta upande mmoja tu, bosi atadhani milioni saba zimeibwa, na mtu wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyeshika funguo.

Chukua daftari la masahihisho la hiyo miezi mitatu. Kila mstari wa upungufu utafutie ndugu yake, yaani bidhaa inayofanana nayo ambayo siku hiyohiyo ilikutwa imezidi. Ukikuta elbo ya robo tatu imepungua 48 na ya nusu imezidi 46, hakuna aliyeiba elbo 48. Zilitoka za robo tatu, zikaandikwa za nusu. Ziweke hizo fungu lake. Halafu tenga makosa ya vipimo, pale paketi ilipoandikwa pisi au pisi ikaandikwa paketi. Halafu mapokezi pungufu, ukilinganisha na hati za wasambazaji. Halafu vilivyovunjika. Kitakachobaki kiandike "haijulikani", usikitafutie jina zuri.

Rudi na mafungu hayo tukupigie hesabu.

Jicho la Bei

Mama Leja uko sahihi lakini usiikatie tamaa skana kwenye wizi. Watu wakijua kila kitu kinapigwa skana wanaogopa.

Mleta uzi, nunua skana ya leza ya mstari mmoja, achana na hizo za kamera. Leza inasoma mbali na ni nafuu. Ila angalia bidhaa zako: bakodi zinazoanza na 620 ndizo za Tanzania. Mizigo ya China yenye namba nyingine itakusumbua kwenye mfumo wa hapa.

fundi_skana

Jicho la Bei, hapo umechanganya vitu viwili. 620 inaonyesha kwamba namba ilitolewa kupitia ofisi ya GS1 ya Tanzania, kama 616 ilivyo ya Kenya. Haisemi bidhaa ilitengenezwa wapi, na skana haibagui. Kwake hizo ni tarakimu 13 tu. Programu nayo inachotaka ni kwamba namba hiyo iwe imesajiliwa kwenye bidhaa husika.

Leza kusoma mbali ni kweli, ila kwenye stoo ya fitingi huhitaji mbali. Unachohitaji ni kusoma lebo yenye vumbi, iliyochanika pembeni, iliyobandikwa kiubavu, bila kugeuza geuza mkono. Hapo ya kamera inaishinda leza, na inasoma pia QR kama siku moja mtazihitaji. Kosa la kununua leza utaliona kwenye katoni zilizokunjamana: mtu anapiga mara tano haisomi, anachoka, anarudi kuchapa kwa vidole. Ukifika hapo umenunua urembo wa mezani.

Kuna kitu kinachoshinda zote mbili, nacho ni rangi. Mwanga wa skana nyingi ni mwekundu, kwa hiyo mistari iliyochapwa kwa wekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa. Ukikuta boksi la namna hiyo usilaumu mashine, libandikie lebo yako.

Nyuki wa Tabora

Samahani kuingilia. Mimi nafungasha asali, nataka iingie supamaketi na wamenidai bakodi. Hiyo printa ya 320,000 inatengeneza bakodi yenyewe? Naweza kujitungia namba?

fundi_skana

Printa inachapa namba unayoipa, haikupi namba. Kwa asali ya supamaketi unahitaji namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara yako, nenda GS1 Tanzania. Namba za kujitungia zinafaa ndani ya stoo yako tu. Ukipeleka nje inaweza kugongana na ya mwingine, mteja akanunua asali kaunta ikasoma sabuni. Anzisha uzi wako tukuelekeze vizuri, huu ni wa stoo.

stookipa_moro

Nimepitia daftari lote na hati za mapokezi. Mafungu ya miezi mitatu ni haya:

Bidhaa zilizochanganywa: upungufu 3,140,000, na ziada ya ndugu zake 2,690,000
Makosa ya paketi na pisi: 1,720,000
Mapokezi pungufu: 1,150,000
Kuvunjika na kuharibika: 480,000
Haijulikani: 1,370,000

Jumla inarudi palepale 7,860,000. Kwenye hizo 1,720,000 za paketi na pisi, mzigo wa 1,300,000 tuliukuta kwenye maduka yetu mawili, kumbe walipokea paketi kwenye hati ikiwa imeandikwa pisi. 420,000 zilienda kwa wateja na hazikurudi.

Makosa hayo yameleta na gharama nyingine. Safari 11 za kirikuu kurudisha mzigo usio sahihi, 15,000 kila moja. Kuna pia vitu ambavyo kompyuta ilisema vipo, rafuni havipo, na mteja anasubiri, ikabidi tununue duka la jirani kwa bei ya rejareja. Tofauti ya bei ni 380,000. Na kila mwisho wa mwezi watu wanne wanahesabu stoo Jumapili, 25,000 kila mmoja.

Mama Leja

Sasa tunaongea. Twende fungu kwa fungu, na kwa kila fungu jiulize: pesa ilitoka mfukoni mwa bosi au ilihama tu kutoka mstari mmoja wa leja kwenda mwingine?

Bidhaa zilizochanganywa: 3,140,000 kutoa 2,690,000 inabaki 450,000. Hiyo ndiyo hasara ya kweli, maana yake mteja alibeba cha bei kubwa akaandikiwa cha bei ndogo. Zile 2,690,000 ziko rafuni. Zinasumbua, lakini hazijapotea.

Paketi na pisi: 1,300,000 iko madukani kwenu, iache. Chukua 420,000.

Mapokezi pungufu, kuvunjika na yasiyojulikana: toa yote. Najua mapokezi yanaweza kupata nafuu kidogo mkiwa mnapiga skana wakati wa kupokea, lakini kinachokamata mzigo pungufu ni kuhesabu kabla ya kusaini hati ya msambazaji. Skana itakwambia hii ni swichi aina gani. Haitakwambia kwamba boksi la 20 lina 18.

Safari: 11 mara 15,000 ni 165,000. Manunuzi ya dharura 380,000. Kuhesabu stoo ni watu wanne kwa 25,000, yaani 100,000 kwa mwezi, 300,000 kwa miezi mitatu. Kwa skana mnaweza kumaliza kwa nusu ya watu, sema mnaokoa 150,000.

Jumlisha: 450,000 + 420,000 + 165,000 + 380,000 + 150,000 = 1,565,000 kwa miezi mitatu.

Usimwahidi bosi hata hiyo. Mpe nusu, 782,500, ambayo ni kama 260,000 kwa mwezi. Skana haimzuii mtu kupiga lebo ya pipa moja akachota pipa la pembeni, wala haimzuii kuruka kupiga foleni ikiwa ndefu. Ukitoa ahadi ya nusu ukaleta zaidi, karatasi ya pili itasainiwa bila maswali.

Jicho la Bei

Kutoka milioni 31 kwa mwaka hadi laki mbili na sitini kwa mwezi! Bosi si atasema haina maana?

Mama Leja

Laki mbili na sitini kila mwezi kwa kifaa kisichofika milioni ni biashara nzuri. Ya milioni 31 ilikuwa hasara ya karatasi. Na kuhusu wizi uliosema mwanzo: anayeiba hapitishi mzigo kwenye skana. Hilo fungu la 1,370,000 linahitaji mlango mmoja wa kutokea na mtu wa pili anayekagua hati getini. Ni pendekezo jingine.

fundi_skana

Tugeukie gharama, maana hapo nako kuna cha kupunguza. Mleta uzi, ngapi kati ya hizo 1,400 zina bakodi ya kiwandani?

stookipa_moro

Kama 840 zinazo: vifaa vya umeme karibu vyote, koki, gundi, mabomba machache. 560 hazina, nyingi ni fitingi za kumwaga kwenye mapipa, elbo, tii, soketi, nipo. Nilitaka printa kwa ajili ya hizo, kila pisi ipate stika.

fundi_skana

Usibandike kila pisi. Elbo ya nusu inchi haina hata pa kushika stika, na kazi ya kubandika itakula mshahara wa mtu. Bandika pipa. Lebo moja ya pipa yenye jina, kipimo na mistari ya ile namba yenu ya tarakimu sita. Tumia aina ya Code 128. Inabeba tarakimu na herufi, ina tarakimu ya kujihakiki ndani yake, na hamhitaji kusajili popote kwa sababu haitoki nje ya stoo.

Kwa lebo 560 huhitaji printa ya laki tatu. Karatasi ya A4 ya stika yenye lebo 24, kila lebo 70 kwa 37 mm, inatosha. 560 kugawa kwa 24 ni karatasi 24 ukijumlisha ile inayobaki nusu. Zipeleke steshenari zichapwe kwa printa ya tona. Epuka ya wino wa maji, inachuruzika stoo ikipata unyevu. Zile printa ndogo za joto zisizotumia ribon nazo zina shida yake: chini ya bati, karibu na dirisha, stika inafifia taratibu mpaka skana inashindwa. Acha nafasi nyeupe kushoto na kulia kwa mistari. Wengi wanaikata ili jina litoshe, kisha wanashangaa mbona haisomi. Ukifunika lebo kwa selotepu inayong'aa, piga skana kwa kuinamisha kidogo, ukipiga wima mwanga unarudi machoni mwa skana.

Skana nazo, nunua moja isiyo na waya ya kuzunguka mapipani, na moja ya waya ya USB ibaki mezani. Ya waya haiishiwi chaji wala haipotei. Unapochagua ile isiyo na waya uliza kitu kimoja: ikitoka nje ya mawimbi inatunza ilichosoma au inakitupa? Rafu za chuma zinameza mawimbi, umbali ulioandikwa kwenye boksi usiuamini.

stookipa_moro

Ya waya nimeulizia ni 85,000. Karatasi za stika na kuchapa ni 1,500 kwa karatasi, kwa hiyo 36,000. Lakini kuna kitu nimekuta leo kimenitisha. Nimeazima skana ya jirani nikajaribu kwenye Notepad, breka za ampea 20 na za 32 za chapa moja zimetoa namba ileile.

fundi_skana

Vizuri umeliona kabla bosi hajalipa. Linatokea sana kwenye bidhaa za bei nafuu, kiwanda kinatumia namba moja kwa saizi zote. Ukizisajili hivyo, skana itakuletea kosa lilelile la zamani, sema sasa kwa kasi zaidi.

Fanya jaribio dogo. Chagua bidhaa 100, hasa zile zenye ndugu wengi: breka, swichi, koki. Fungua Excel, safu ya A uipe muundo wa Text kabla ya kupiga, la sivyo namba ya tarakimu 13 itageuka kitu kama 6.92E+12, na sifuri za mwanzo zitapotea. Piga moja baada ya nyingine, safu ya B andika jina. Mstari wa 1 uwe wa vichwa. Kisha kwenye C2:

```
=COUNTIF(A:A,A2)>1
```

Ivute chini. Kila inaposema TRUE, namba hiyo inatumiwa na bidhaa zaidi ya moja. Hizo usizisajili kwa bakodi ya kiwandani, zipe lebo yako na ile ya kiwandani ufunike. Ukiiacha wazi, mtu ataipiga tu.

Kinyume chake pia kipo: swichi ileile, mzigo mpya, bakodi mpya. Kwa hiyo uliza aliyewawekea programu kama bidhaa moja inaweza kubeba bakodi zaidi ya moja. Kama haiwezi, kila mzigo mpya utakuwa na kazi ya kubadilisha namba, na mzigo wa zamani ulio rafuni hautasomeka tena. Jibu la swali hilo liwe mkononi mwako kabla ya kwenda kwa bosi.

Mama Leja

Ongeza na katoni. Bakodi ya katoni mara nyingi si ile ya pisi, ina tarakimu 14. Programu iambiwe kwamba namba hii ni katoni yenye pisi kadhaa, zipunguzwe zote kwa pigo moja. Bila hivyo fungu la paketi na pisi halitapungua hata shilingi, kwa sababu kosa lenu hapo halikuwa kuchapa namba. Lilikuwa kuandika 1 bila kusema 1 ya nini.

Wa Buja

Niko Bujumbura, stoo ya vipuri. Angalieni lugha ya kibodi kwenye kompyuta. Skana ya USB inajifanya kibodi, na kama kompyuta imewekwa kibodi ya Kifaransa huku skana imewekwa ya Kiingereza, namba zinatoka alama za ajabu, & na é na mabano. Watu wanarudisha skana dukani wakisema mbovu. Tiba iko kwenye kijitabu chake, kuna bakodi ya kuchagua lugha, unaipiga mara moja basi.

fundi_skana

Kweli kabisa. Kwenye kijitabu hichohicho kuna bakodi ya kuchagua skana imalizie na nini, Enter au Tab. Mtu haoni umuhimu wake mpaka siku anapiga bidhaa ya pili wakati mshale bado uko kwenye kisanduku cha idadi. Hapo unakuta stoo imetoa swichi 6,201,234,500,012 kwa fundi mmoja. Hiyo utaiona mara moja kwa sababu ni kichekesho. Iwekee ukomo: programu ikatae idadi inayozidi, tuseme, 2,000 bila idhini. Weka Tab kama idadi iko kisanduku cha kulia, weka Enter kama iko mstari wa chini, na ujaribu kabla ya kuanza.

stookipa_moro

Programu inakubali bakodi hadi tano kwa bidhaa moja, nimeuliza. Katoni inakubali pia ila kila moja isajiliwe kwa mkono. Nimeandika upya. Nimpelekee hivi?

*Shikamoo Mzee. Ulinitaka nikuandikie kuhusu skana ya stoo.*

*Tatizo: kati ya Aprili na Juni tulikutana na upungufu wa 7,860,000 kwenye vitabu. Nimeuchambua. Sehemu kubwa ni mzigo uliochanganywa majina au uliopelekwa madukani kwa kipimo kisicho sahihi, na upo. Mapokezi pungufu (1,150,000), kuvunjika (480,000) na usiojulikana (1,370,000) skana haitaugusa, nitauletea maelezo peke yake.*

*Pesa halisi iliyotoka kwa makosa ambayo skana inaweza kuyapunguza, pamoja na safari za kurudisha mzigo, manunuzi ya dharura na nusu ya posho ya kuhesabu stoo, ni 1,565,000 kwa miezi mitatu. Nategemea kuokoa nusu yake, 782,500, karibu 260,000 kwa mwezi.*

*Gharama: skana isiyo na waya 230,000. Skana ya waya ya mezani 85,000. Lebo za mapipa 36,000. Posho ya watu wawili kusajili bidhaa 1,400 baada ya saa za kazi 120,000. Jumla 471,000. Nikiongeza asilimia 10 ya dharura, 47,100, inakuwa 518,100. Naomba idhini ya 520,000.*

*Mwezi wa kwanza ni wa kusajili, hautaokoa kitu. Pesa itarudi mwisho wa mwezi wa tatu. Naomba tuanze na skana ya waya peke yake kwenye upande wa umeme kwa wiki mbili. Mistari 200 ya hati za kutolea itakaguliwa na mtu wa pili kabla mzigo haujatoka, nikulinganishie na mistari 200 ya kuchapa kwa mkono. Kama makosa hayajapungua kwa nusu, tuishie hapo, hasara itakuwa 85,000.*

Mama Leja

Peleka. Sehemu ya mwisho ndiyo itakayosainiwa. Ongeza mstari mmoja tu: nani anakagua. Asiwe wewe wala mwenzako anayechapa, mchukue mtu wa dukani.

Na hizo 200 za kuchapa kwa mkono zikusanye kabla skana haijafika. Watu wakishajua wanapimwa wanachapa kwa uangalifu kuliko kawaida, na ulinganisho wako utaonyesha skana haina msaada.

Jicho la Bei

Mimi bado naona lebo za mapipa ni hatari. Mtu anapiga pipa la nusu anachota la robo tatu. Kwa nini msitengeneze karatasi moja iliyolaminetiwa ikae mezani, bakodi zote za fitingi na picha zake? Mzigo unaletwa mezani, mnautazama, mnapiga kwenye karatasi. Hata skana isiyo na waya hamtaihitaji.

fundi_skana

Hapo una hoja, na maduka mengi yasiyo na lebo kwenye bidhaa yanafanya hivyo. Itapunguza 230,000 kwenye gharama. Shida ni kwamba aina 560 ni kurasa nyingi, na elbo ya nusu inakaa mstari wa juu ya elbo ya robo tatu, macho yaleyale yanachagua vibaya palepale. Mkifanya hivyo, msiziweke ndugu jirani, na acheni nafasi kubwa kati ya bakodi moja na nyingine.

Mama Leja

Mimi niko upande wa mapipa, ila pisi moja ya mfano ifungwe kwa waya nje ya pipa, anayechota alinganishe kwa mkono. Karatasi ya mezani inamtegemea mtu aliyekwisha kukosea kuchota.

stookipa_moro

Basi hilo la mapipa au karatasi tutalipima upande wa fitingi baada ya zile wiki mbili za umeme. Bosi kapokea, kauliza swali moja tu: kama umeme ukikatika?

fundi_skana

Skana ya waya inakula umeme wa kompyuta, ikizima nayo inazima. Mnarudi kwenye hati ya mkono, lakini kwenye hati hiyo andikeni namba ya lebo ya pipa na si jina peke yake, na mtu mmoja aziingize zote umeme ukirudi kabla ya hati mpya yoyote. Mkianza na mpya, salio litaonyesha vitu ambavyo vimeshatoka, na mtarudi dukani kwa jirani kununua rejareja. Kompyuta yenu ni ya mezani au mpakato?

stookipa_moro

Ya mezani, haina hata betri ya akiba.

fundi_skana

Basi bei ya betri hiyo iulizie sasa, lakini usiibebeshe skana. Mngeihitaji hata mngeendelea kuchapa kwa vidole.